Mihtasari miwili ya sera kuhusu sumukuvu: upi uende kwa madiwani?

Halmashauri ya wilaya moja katika ukanda wa kati wa Tanzania inaandaa bajeti. Mezani kwa afisa kilimo kuna mihtasari miwili ya sera kuhusu jambo moja, sumukuvu kwenye mahindi, na kabrasha la kikao lina nafasi ya mmoja tu. Mihtasari hiyo nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya ulinganisho huu, kwa kufuata sura ya ile ninayokutana nayo kila msimu wa bajeti. Tafiti na takwimu zinazotajwa ndani yake ni za kweli.

Suala lenyewe si la kubuni. Mwaka 2016 ugonjwa uliotokana na sumukuvu ulizuka Dodoma na Manyara. Watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Kwa hiyo diwani wa huko hahitaji kushawishiwa kwamba tatizo lipo, maana huenda alihudhuria msiba. Anachohitaji ni kuambiwa baraza lifanye nini, na kwa nini hilo na si jingine, kabla mwenyekiti hajaita ajenda inayofuata.

Muhtasari wa kwanza, nitakaouita wa mtafiti, una kurasa sita. Kichwa chake: "Tathmini ya Viwango vya Uchafuzi wa Sumukuvu katika Mnyororo wa Thamani wa Mahindi na Athari Zake kwa Afya ya Jamii." Unaanza hivi: "Sumukuvu ni kundi la kemikali za sumu zinazozalishwa na aina fulani za kuvu wanaoshambulia nafaka na mbegu za mafuta katika mazingira ya joto na unyevunyevu." Pendekezo lipo ukurasa wa tano, aya ya tatu: "Kuna haja ya wadau wote kuimarisha mikakati jumuishi ya uhifadhi wa mazao pamoja na kuongeza uelewa wa jamii."

Wa pili, wa mwanaharakati, una kurasa mbili na picha kubwa ya mahindi yaliyoota ukungu. Kichwa: "Turubai moja kwa kila kaya." Mwanzo wake: "Baraza litenge fedha katika bajeti ijayo kununua turubai moja la kuanikia mahindi kwa kila kaya ya mkulima. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 nchini Kenya. Turubai litakomesha sumukuvu wilayani kwetu. Tafiti zimethibitisha."

Ukiiweka sambamba, wa pili unaonekana umeshinda kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Mimi pia mkono wangu huenda huko kwanza. Lakini nina mazoea ya kusoma muhtasari kuanzia kwenye pendekezo, kisha kurudi nyuma kutafuta ushahidi unaolibeba, na mwisho ndipo naangalia kama lugha inamfaa msomaji. Nikienda hivyo, picha inabadilika.

Pendekezo

Kipimo changu ni kimoja. Nachukua sentensi ya pendekezo naiweka mbele yake maneno "Baraza linaazimia kwamba", halafu nauliza nani ataamka kesho akafanye nini. Jaribu kwa mtafiti: "Baraza linaazimia kwamba wadau wote waimarishe mikakati jumuishi." Mkurugenzi akipewa azimio hilo hana la kutekeleza. Mweka hazina hajui aandike kifungu gani. Afisa ugani wa kata haoni kilichobadilika katika kazi yake. Mheshimiwa diwani aliyesoma kurasa zote sita atauliza, kwa haki kabisa, "Sasa mnataka sisi tuamue nini?"

Nimeona watafiti wakijitetea kwamba kusema wazi zaidi ni kuingilia kazi ya wenye mamlaka. Sikubaliani nao. Pendekezo linalotaja mtendaji, kitendo na wakati halimnyang'anyi diwani uamuzi. Linampa kitu cha kukubali, kukataa au kurekebisha. Linaloita "wadau wote" ndilo linalomwacha mikono mitupu.

Mwanaharakati anapita kipimo hiki kwa sehemu kubwa. Mtendaji anajulikana, baraza. Kitendo kinajulikana, kutenga fedha za maturubai. Lakini ukisogea karibu, pendekezo lina pengo ambalo msomaji wa haraka hataliona, na linahusu kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Katika ukanda wa kati wenye msimu mmoja wa mvua, mahindi mengi huvunwa na kuanikwa kati ya Mei na Julai. Fedha itakayopitishwa kwenye "bajeti ijayo" itaanza kutoka wakati wakulima wanamaliza kuanika, na manunuzi yenyewe yana hatua zake. Maturubai yatafaa mavuno ya mwaka unaofuata. Hilo halifanyi pendekezo kuwa baya, ila lazima lisemwe, la sivyo Agosti diwani atasimama kwenye mkutano wa kijiji akieleza kwa nini alichoahidi hakijafika.

Pia hakuna gharama. Hata makadirio ya mistari miwili, idadi ya kaya mara bei ya turubai kutoka kitengo cha manunuzi, yangetosha kuonyesha kama jambo hili linabebwa na mapato ya ndani au linahitaji mfadhili. Na hakuna njia mbadala. Mwandishi angeweza kusema kwa sentensi moja kwa nini turubai na si mifuko isiyopitisha hewa, au kwa nini si kwa kata zilizoathirika zaidi tu. Diwani akiuliza hivyo kikaoni na afisa akababaika, ajenda huahirishwa.

Ushahidi

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo nitakapokaa.

Mwanaharakati ana takwimu moja kubwa: vifo 125. Ni ya kweli. Mwaka 2004, hasa katika Makueni na Kitui, waligunduliwa wagonjwa 317, na 125 kati yao wakafa. Lakini angalia takwimu hiyo inathibitisha nini. Inathibitisha kwamba sumukuvu inaua. Haisemi neno lolote kuhusu turubai. Huu ndio udhaifu ninaouona mara nyingi kuliko mwingine wowote katika mihtasari ya sera: ushahidi wa ukubwa wa tatizo unapangwa jirani na pendekezo, na msomaji, kwa kuwa vyote viko aya moja, anadhani kimoja kinakibeba kingine. Njia ya kuugundua ni rahisi. Ziba sentensi ya takwimu kwa kidole, badilisha pendekezo uweke jingine kabisa, tuseme kupima mahindi sokoni, halafu ondoa kidole. Kama takwimu bado inakaa sawasawa, basi haikuwa ushahidi wa pendekezo la kwanza.

Kisha kuna "litakomesha" na "tafiti zimethibitisha". Tafiti zipi? Mtafiti anazo, ukurasa wa tatu, kwenye aya nzito ambayo diwani hatafika. Anaeleza uchunguzi uliofuata vifo vya Kenya, uliochapishwa mwaka 2005, uliolinganisha wagonjwa 40 na watu 80 wasiougua. Mahindi kwenye nyumba za wagonjwa yalikuwa na wastani wa sumukuvu wa takriban sehemu 355 kwa bilioni, na kwa wasiougua 44. Kuhifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba kulihusishwa na ugonjwa. Hapo sasa tumekaribia suluhisho, maana tumeambiwa kilichotofautisha nyumba na nyumba: unyevu na uhifadhi.

Halafu anataja jaribio la Guinea, lililochapishwa pia 2005. Vijiji 10 vilipewa mbinu za baada ya mavuno na vingine 10 havikupewa, watu 600 kwa jumla. Miezi mitano baada ya mavuno, alama za sumukuvu kwenye damu za watu wa vijiji vilivyosaidiwa zilikuwa chini ya nusu ya zile za vijiji vingine. Na anaandika kwa uaminifu mambo mawili: zao lilikuwa karanga, na mbinu zilitolewa kwa pamoja, yaani kuchambua kwa mkono punje mbovu, mikeka ya kuanikia, mafunzo ya kukausha juani, magunia ya nyuzi asilia, vichanja vya mbao vya kuwekea magunia, na dawa ya wadudu. Huwezi kutoa kimoja katika hivyo sita ukasema ndicho kilichofanya kazi.

Hebu weka hilo mbele ya "Turubai litakomesha sumukuvu". Kwanza, kilichopatikana ni kupungua. Tuseme mahindi ya kaya fulani yana sehemu 100 kwa bilioni. Yakipungua hadi nusu yanabaki na 50, wakati kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika viwango vya Afrika Mashariki ni 10. Kaya imepona nusu ya hatari na bado inakula mahindi yasiyofaa kuuzwa. Pili, sumukuvu huanza shambani, hasa mimea ikikumbwa na ukame punje zikiwa zinajaa. Turubai linazuia isiongezeke wakati wa kukausha; iliyokwisha kuingia haliitoi. Tatu, turubai peke yake halikuwa jaribio la Guinea.

Kuna jambo ambalo mihtasari yote miwili imelikosa, nalo lingemaliza ubishi mwingi. Lipo jaribio la Kenya lililochapishwa mwaka 2019, lililohusu mahindi ya wakulima wadogo, ambalo lilitumia mafunzo na nyenzo za kukaushia, maturubai ya kuanikia yakiwemo. Sumukuvu ilipungua kwa zaidi ya nusu. Hilo ni zao lilelile, nchi jirani, na karibu kabisa na kile mwanaharakati anachotaka baraza likinunue. Ushahidi ulio karibu na pendekezo, hata ukiwa hauna vifo vya kutisha, ndio unaopaswa kushika nafasi ya mbele. Vifo 125 vingetosha kupewa nusu sentensi.

Kuhusu uaminifu wa mipaka, hapa mtafiti anamzidi mwenzake mbali. Shida ni kwamba ameutapanya. Kila sentensi yake ina "huenda", "kwa kiasi fulani" na "utafiti zaidi unahitajika", hata mahali ambapo hakuna mashaka. Msomaji asiye mtaalamu hawezi kutenganisha shaka ya kweli, kwamba Guinea walipima karanga, na shaka ya adabu. Shaka zenye uzito zisizidi mbili, na ziandikwe waziwazi pale zinapogusa uamuzi.

Msomaji mwenye haraka

Mtafiti anaandika "aflatoksini B1", "uwiano wa uwezekano", "ppb" na "unyevu wa asilimia 13.5". Mwanaharakati anaandika lugha ya kila siku, isipokuwa naye ameitupa "10 ppb" ukurasa wa pili bila maelezo. Kipimo hicho ni sehemu kwa bilioni, na kwa diwani hakina maana mpaka kifike kwenye kitu anachokijua. Sehemu 10 kwa bilioni ni maikrogramu 10 katika kilo moja. Gunia la kilo 100 linafika kwenye ukomo likiwa na miligramu 1 tu ya sumukuvu. Sentensi hiyo moja inaeleza kwa nini mahindi yanayong'aa yanaweza kuwa na sumu, na kwa nini picha ya mahindi yenye ukungu inaweza kupotosha: anayeitazama ataenda nyumbani akiamini kwamba punje isiyo na ukungu ni salama.

Unyevu nao uko hivyohivyo. Asilimia 13.5 ndiyo kiwango cha viwango vya Afrika Mashariki, lakini mkulima hana mashine ya kupimia. Anachoweza ni kuweka chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu, kuitikisa, na kuangalia kama chumvi inaganda kwenye kuta za chupa. Ikiganda, mahindi bado. Muhtasari ukitaja njia hiyo, useme pia kwamba chumvi huacha kuganda unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 15, kwa hiyo mahindi yaliyofaulu kwenye chupa yanaweza kuhitaji jua la ziada. Mtafiti angeona aibu kuandika habari ya chupa kwenye andiko la kitaalamu. Ningemwomba aiandike.

Ili kujua kama muhtasari unamfaa msomaji wa aina hii, mpe mtu wa idara nyingine, tuseme mhasibu, dakika tano. Uchukue. Muulize baraza linaombwa lifanye nini, kwa sababu gani, na kuna wasiwasi gani. Nikiwawazia wasomaji ninaowajua, wa mtafiti ungepata jibu la swali la mwisho pekee, na wa mwanaharakati ungepata jibu safi la kwanza, la pili lililopinda, na la tatu hakuna.

Urefu wenyewe haunisumbui sana. Kuna kanuni ya zamani ya Wakanada wa utafiti wa huduma za afya: ukurasa mmoja wa ujumbe mkuu, kurasa tatu za muhtasari, na 25 za ripoti. Kurasa sita zingevumilika kama ukurasa wa kwanza ungejitosheleza. Tatizo la mtafiti ni mpangilio. Ameandika kwa mfuatano wa utafiti wake, usuli, mbinu, matokeo, mjadala, pendekezo, wakati diwani anasoma kwa mfuatano wa uamuzi.

Na usitarajie makubwa kupita kiasi kutoka kwenye karatasi. Utafiti wa mwaka 2012 uliojaribu mihtasari ya sera kwa wasomaji wengi uliona kwamba husaidia zaidi wale wasio na msimamo kuliko kuwabadilisha wenye msimamo tayari. Kama mwenyekiti wa kamati ameshatangaza kwamba anataka mashine kubwa ya kukaushia, muhtasari wowote kati ya hii utamgusa kidogo, na ni bora afisa kilimo akaenda kuzungumza naye kabla ya kikao.

Upi sasa?

Uamuzi wangu unategemea muda. Zikiwa zimebaki wiki mbili au zaidi kabla ya kabrasha kufungwa, nachukua wa mtafiti na kumwomba aandike upya ukurasa wa kwanza. Makosa yake yanarekebishika kwa kazi ya alasiri moja kwa sababu, ukiacha jaribio la 2019, karibu kila kinachohitajika tayari kimo ndani, kimefukiwa tu. Makosa ya mwanaharakati yanahitaji mtu aende kutafuta tafiti, azisome, na pengine akubali kwamba pendekezo linahitaji kupanuliwa. Hiyo si kazi ya mhariri wa usiku mmoja.

Kabrasha likifungwa kesho, wa mtafiti hautasomwa na yeyote, hivyo unaenda wa mwanaharakati, kwa sharti kwamba "litakomesha" inageuzwa "linaweza kupunguza", "tafiti zimethibitisha" inafutwa na jaribio la 2019 linatajwa kwa sentensi moja, na afisa anaongeza mstari kuhusu kalenda. Akikataa mwandishi wake, usiende. Muhtasari ulio wazi huku ushahidi wake haubebi pendekezo ni wa hatari kuliko ule usioeleweka, kwa kuwa usioeleweka hauzai uamuzi wowote, na ulio wazi unatumia fedha za watu.

Huu hapa ukurasa wa kwanza ambao ningeuomba kwa mtafiti, sehemu yake ya juu:

"Tunaliomba baraza litenge fedha katika mwaka wa fedha unaoanza Julai kwa ajili ya maturubai ya kuanikia na mafunzo ya ukaushaji, kuanzia na kata ambazo wakulima wake huanika mahindi juu ya udongo. Idara ya kilimo itagawa maturubai kabla ya Aprili ili yawahi mavuno ya Mei. Mavuno ya mwaka huu hayatafikiwa. Kwa hayo tunapendekeza maafisa ugani wafundishe kuchambua punje mbovu na kupima ukavu kwa chumvi.

Nchini Kenya, wakulima wa mahindi waliopewa mafunzo na nyenzo za kukaushia, maturubai yakiwemo, walipunguza sumukuvu kwa zaidi ya nusu. Vijijini Guinea, kwa karanga, mbinu kama hizo zilipunguza sumukuvu kwenye damu za watu kwa kiwango kinachokaribiana na hicho. Maturubai hayataiondoa sumukuvu iliyoanzia shambani wakati wa ukame, na sehemu ya mahindi itabaki juu ya kiwango kinachoruhusiwa. Ndiyo maana tunaomba mafunzo yaende pamoja na maturubai, na mahindi ya kata hizo yapimwe kabla na baada."

Chini yake liwekwe jedwali dogo lenye idadi ya kaya, bei ya turubai, gharama ya mafunzo kwa kata, na jumla. Upimaji uwe na kifungu chake, kwa sababu sumukuvu haitawanyiki sawasawa ndani ya gunia. Konzi moja inaweza kuwa safi na ya jirani yake ikawa mbovu, na sampuli za konzi moja moja zitaleta majibu ambayo mwakani hakuna atakayeweza kuyatetea mbele ya baraza lilelile.